Rehema, slaidi za sumaku na koili nimezipitia zote

Rehema mdogo wangu, nimezisoma slaidi zako zote 14 jana usiku baada ya kufunga karakana, na nimeona pale ulipozungushia duara jekundu ukaandika "hapa sielewi kabisa". Usijali, hapo ndo penyewe, na ukishapaelewa hapo slaidi zingine zote zinafunguka. Kwaiyo sitaanzia slaidi ya 1, hiyo ni vichwa vya habari tu, naanzia hiyo ya 8 yenye grafu mbili, ya juu flaksi, yani kiasi cha uga wa sumaku kinachopita ndani ya koili, na ya chini volteji.

Umeuliza sumaku ikiwa katikati kabisa ya koili flaksi ndo kubwa kupita zote, sasa kwa nini volteji inaandikwa sifuri? Swali zuri sana hilo. Wengi wanakariri "sumaku ndani ya koili inatoa umeme", sasa wakiulizwa hivyo wanaishia hapohapo.

Angalia mita ya LUKU hapo nyumbani. Kuna uniti 90 mle ndani na kila kitu kimezimwa, hamna hata taa, ile 90 si imetulia tu? Namba kubwa lakini haiendi popote. Sasa washa jiko la umeme na pasi kwa pamoja, namba inaanza kushuka mbio, hata kama zilikuwa zimebaki uniti 3 bado zinashuka mbio zilezile. Ukiingiza tokeni namba inapanda. Basi flaksi ni ile namba kwenye mita, na volteji ni ile mbio ya namba kubadilika, haijali namba ni kubwa au ndogo, inachojali inabadilika haraka kiasi gani na inaelekea wapi, juu au chini.

Rudi kwenye grafu sasa. Sumaku inakuja kutoka juu, flaksi inapanda, volteji ipo. Inafika katikati, flaksi imefika kileleni, na pale kileleni kwa kitambo kidogo sana haipandi wala haishuki, mteremko wa grafu umelala kabisa, volteji sifuri. Halafu inaanza kutoka upande wa pili, flaksi inashuka, volteji inarudi ila imegeuka, iliyokuwa chanya inakuwa hasi. Weka rula juu ya grafu ya flaksi uitelezeshe ukifuata mstari, rula ikisimama wima sana volteji kubwa, ikilala volteji sifuri, ikiinamia chini volteji hasi. Fanya hivyo kweli na rula, usiishie kusoma tu, mimi nilielewa siku nilipofanya kwa mkono.

Ila grafu ya slaidi hiyo ina kitu nataka ukione. Wamechora vilima viwili vya volteji vyenye urefu sawa, na hiyo ni sahihi kama unaisukuma sumaku kwa mkono kwa mwendo uleule mwanzo mpaka mwisho. Lakini picha ya pembeni inaonesha sumaku inaangushwa! Ikianguka inazidi kupata kasi, kwaiyo wakati wa kutoka inaenda mbio kuliko ilivyoingia, kilima cha pili lazima kiwe kirefu zaidi halafu chembamba zaidi. Na ukihesabu eneo chini ya kila kilima unakuta yako sawasawa, maana flaksi iliyoingia ndo hiyohiyo iliyotoka, imetoka tu kwa muda mfupi zaidi. Hii kwenye mitihani inapendwa sana, chora vilima visivyolingana na uandike sababu.

Sasa flaksi yenyewe ni nini, slaidi ya 2. Wameweka `Φ = BA cos θ` wakapita haraka. B ni nguvu ya uga wa sumaku, inapimwa kwa tesla, A ni eneo la mdomo wa koili kwa mita za mraba, na θ ni pembe kati ya uga na ule mstari unaosimama wima juu ya uso wa koili. Fikiria mwanga wa jua unavyoingia dirishani, jua likali mwanga mwingi, dirisha kubwa mwanga mwingi, ila dirisha likikaa ubavu kwa jua haupiti hata kama ni kubwa namna gani. Ndo hivyohivyo. Kipimo chake ni weba. Kwenye jaribio letu la sumaku na koili pembe haibadiliki wala eneo halibadiliki, kinachobadilika ni B pale kwenye koili, sumaku ikisogea karibu inakuwa na nguvu ikiondoka inapungua. Kwenye jenereta ndo pembe inachezeshwa, lakini hilo ni la wiki ijayo naona kwenye ratiba yenu.

Slaidi ya 4 ina picha ya Faraday na mwaka 1831 basi, hawajasema kitu, wakati stori yake ndo somo lenyewe. Tarehe 17 Oktoba 1831 kule London alichukua bomba la karatasi lililozungushiwa waya wa shaba, akaunganisha kwenye galvanomita, kipimo cha mshale cha mkondo mdogo wa umeme, akasukuma sumaku ya fimbo ndani, mshale ukaruka halafu ukarudi. Akaichomoa, ukaruka upande wa pili. Akiiacha imetulia, hamna kitu. Sasa sikiliza hii, miaka sita kabla yake, 1825, kulikuwa na Mswisi mmoja anaitwa Colladon, kule Geneva, alikuwa na koili, ana sumaku kali, ana galvanomita nzuri. Akaogopa sumaku yake isije ikausumbua mshale wa galvanomita, akaipeleka galvanomita chumba kingine na nyaya ndefu. Anasukuma sumaku, anatembea kwenda chumba cha pili kuangalia, anakuta mshale uko sifuri. Umeme aliupata, ila mpaka amefika sumaku ilishatulia na mabadiliko yalishaisha! Mi kila nikiikumbuka hii nasikitika kweli. Yani volteji inaishi pale tu mabadiliko yanapotokea, ukichelewa hatua chache umeikosa.

Na wewe inaweza kukukuta hiyohiyo maabara. Ukitumia mita ya dijitali inasoma mara chache tu kwa sekunde, sumaku ikipita mbio inaweza isiandike chochote cha maana ukadhani koili imekatika. Omba mita ya mshale, ile ambayo sifuri iko katikati.

Slaidi ya 6 na 7, fomula.

```
E = -N ΔΦ/Δt
```

E ni volteji, ΔΦ/Δt ni ile mbio ya flaksi kubadilika, na N ni idadi ya mizunguko ya waya. Kila mzunguko unapata volteji yake kidogo, na kwa sababu imeungana mmoja baada ya mwingine zinajumlika, kama betri za tochi ukizipanga kwa mstari. Ndo maana sisi huku kwenye kuzungusha waya wa mota tunahesabu mizunguko kwa makini, ukipunguza mingi umeme wote unabadilika tabia.

Hesabu ya slaidi ya 11 umekosea sehemu moja tu. Koili ya mizunguko 200, eneo 4 sm², uga unapanda kutoka sifuri mpaka tesla 0.05 kwa sekunde 0.02. We umeandika 4 sm² ni 0.04 m², sio, ni 0.0004 m², unagawa kwa 10,000 sio 100, maana ni mraba.

```
ΔΦ = 0.05 × 0.0004 = 0.00002 Wb
E  = 200 × 0.00002 / 0.02 = 0.2 V
```

Volti 0.2, ni wastani katika muda huo. Na hiyo sekunde 0.02 haijaokotwa, sumaku ukiiachia sentimita 20 juu ya koili inafika ikiwa na mwendo wa kama mita 2 kwa sekunde, kwaiyo sekunde 0.02 ni kusafiri kama sentimita 4, inaingia akilini. Ukiiachia kutoka sentimita 5 tu, mwendo unakuwa nusu, muda unakuwa mara mbili, volteji inashuka mpaka 0.1. Angalia hapo, urefu umegawanywa kwa 4 lakini volteji imegawanywa kwa 2, watu wanaanguka sana hapo.

Alama ya kutoa mbele ya fomula ndo kanuni ya Lenzi, slaidi ya 9, mwaka 1834. Wameandika sentensi ndefu ngumu bure, maana yake ni kwamba koili inapinga mabadiliko. Ncha ya kaskazini ikija kutoka juu, uso wa juu wa koili unajigeuza kaskazini ili kuisukuma isiingie. Ikishapita, ncha ya kusini ndo inayomalizia kutoka chini, uso wa chini wa koili unakuwa kaskazini, unaivuta isiondoke. Ikija inafukuzwa, ikiondoka inang'ang'aniwa. Na kwa kuwa uso wa kaskazini umehama kutoka juu kwenda chini, ina maana mkondo umegeuka, ndo ile hasi ya kwenye grafu, unaona vinavyokutana.

Swali la mwisho la slaidi ya 14, kwa nini sumaku inachelewa kidogo kuanguka koili ikiwa imeunganishwa ncha zake, na ikiwa wazi inaanguka kawaida. Koili ikiwa wazi volteji ipo lakini mkondo haupiti, bila mkondo koili haigeuki sumaku, hamna wa kumzuia mwenzie. Ukiziunganisha ncha mkondo unapita, waya unapata joto kidogo, na nguvu ya lile joto inatoka kwenye mwendo wa sumaku. Kwa koili ndogo tofauti ni ndogo mno huioni kwa macho, ila nina kipande cha bomba la shaba la eisii hapa, bomba lenyewe ni kama mzunguko mmoja mnene uliofungwa, ukidondosha sumaku kali ndani inashuka taratibu kama imezama kwenye asali, na shaba haivutwi na sumaku hata kidogo.

Jumamosi pitia karakana. Nitakuwekea bomba la plastiki la nusu inchi, waya wa shaba kutoka transfoma iliyoungua, na ledi mbili nyekundu ambazo tutaziunganisha kinyume moja na nyingine. Kwa mizunguko 200 haziwaki, zinataka karibu volti 1.8 na we una 0.2, kwaiyo tutazungusha 2,000, ambayo kwa hesabu ileile inatupa kama volti 2. Kwangua vanishi kwenye ncha za waya mpaka shaba ing'ae, usiposafisha hapo utazungusha siku nzima bure. Tutazima taa ya karakana tuidondoshe sumaku, moja itamulika sumaku ikiingia, na ya pili itamulika ikitoka. Kabla hatujaidondosha nataka uniambie ipi itang'aa zaidi.