Kifungu cha 14: Fidia Iliyokadiriwa kwa Kuchelewa Kukabidhi Mtambo

14.1 Muuzaji atakabidhi Mtambo wa kujaza na kuziba chupa kwenye kiwanda cha Mnunuzi kabla ya saa 11 jioni, tarehe 30 Septemba 2026 ("Siku ya Makabidhiano"). Mtambo utahesabiwa kuwa umekabidhiwa mara sehemu zote za Jedwali A zitakapokuwa zimeshushwa na hati ya mapokezi imetiwa saini na wawakilishi wa pande zote mbili. Mnunuzi hatakataa kutia saini kwa sababu ya mkwaruzo au kasoro ndogo isiyozuia Mtambo kufungwa na kuwashwa. Kasoro za namna hiyo zinashughulikiwa na Kifungu cha 16.

14.2 Pande zote mbili zinafahamu kwamba Mnunuzi ana maslahi halali ya kupata Mtambo kwa wakati, na kwamba maslahi hayo hayaishii kwenye fedha za siku moja moja. Mnunuzi ameondoa mashine yake ya zamani ili kupisha msingi mpya, ameajiri na kufundisha mafundi 14, na ameagiza chupa na vifuniko vifike wiki ileile ya makabidhiano. Muuzaji ameoneshwa mambo haya kabla ya kutia saini. Hasara ya kuchelewa inaweza kuonekana wazi, lakini kuithibitisha baadaye kwa risiti moja baada ya nyingine kungekuwa kugumu na kwa gharama kubwa kwa pande zote. Kwa hiyo zimeona vema kuikadiria sasa.

14.3 Makadirio yaliyofanywa siku ya kutia saini, kwa kila siku ya kuchelewa na kama sehemu ya Bei ya Mkataba, ni haya:

(a) gharama ya ziada ya kujaziwa chupa na kiwanda kingine, baada ya kuondoa gharama ambazo Mnunuzi angezitumia mwenyewe: asilimia 0.16;

(b) mishahara ya mafundi 14 wanaosubiri bila kazi: asilimia 0.07;

(c) kodi ya ghala la chupa na vifuniko: asilimia 0.04;

(d) riba ya mkopo uliolipia malipo ya awali ya asilimia 40 ya Bei ya Mkataba, kwa kiwango cha asilimia 18.25 kwa mwaka: asilimia 0.02.

Jumla ni asilimia 0.29. Faida ambayo Mnunuzi angeipata kwa kuuza bidhaa zake haimo kabisa katika hesabu hii, kwa kuwa pande zote zilikubaliana kwamba haikadiriki kwa uaminifu. Tena, gharama ya (a) haianzi siku ya kwanza: akiba ya bidhaa zilizokwisha kujazwa inamtosha Mnunuzi siku 7. Ndani ya siku hizo hasara iliyokadiriwa ni asilimia 0.13 tu.

14.4 Kwa kuzingatia makadirio hayo, Muuzaji akichelewa atamlipa Mnunuzi, kwa kila siku ya kalenda kuanzia siku inayofuata Siku ya Makabidhiano:

asilimia 0.12 ya Bei ya Mkataba, siku ya 1 hadi ya 7;

asilimia 0.27 ya Bei ya Mkataba, kuanzia siku ya 8.

Viwango vyote viwili viko chini ya hasara iliyokadiriwa, na viliwekwa hivyo kwa makusudi.

14.5 Endapo sehemu zote zimekabidhiwa isipokuwa mashine ya kubandika lebo, viwango vya 14.4 havitatumika tangu siku sehemu hizo nyingine zilipopokelewa. Kiwango kitakuwa asilimia 0.05 kwa siku, ambacho ndicho kinacholingana na ujira wa vibarua wa kubandika lebo kwa mkono. Mtambo bila mashine ya lebo unafanya kazi. Bila kijazio au kizibio haufanyi, na si haki makosa haya mawili yalipiwe sawa.

14.6 Jumla ya fidia chini ya Kifungu hiki haitazidi asilimia 10 ya Bei ya Mkataba. Kwa mfano, Mtambo mzima ukikabidhiwa siku 19 baada ya Siku ya Makabidhiano, siku 7 za kwanza zinaleta asilimia 0.84, siku 12 zinazofuata asilimia 3.24, na fidia yote ni asilimia 4.08. Kikomo kitafikiwa siku ya 41.

14.7 Siku ya Makabidhiano itasogezwa mbele, siku kwa siku, kwa muda wote ambao Muuzaji amezuiwa na: Mnunuzi kuchelewa kulipa malipo ya awali, msingi au umeme wa kiwandani kutokuwa tayari, mabadiliko ya michoro yaliyoombwa na Mnunuzi, au janga lisilozuilika kama lilivyoelezwa katika Kifungu cha 19. Muuzaji atatoa taarifa ya maandishi ndani ya siku 5 za kazi tangu alipojua sababu hiyo. Hata hivyo, pale kizuizi kinapotokana na Mnunuzi mwenyewe, kuchelewa kwa taarifa hakutamnyima Muuzaji muda anaostahili. Siku ambayo sababu za pande zote mbili zimeingiliana haihesabiwi kuwa siku ya kuchelewa. Hakuna anayelipwa fidia kwa kuchelewa alikokusababisha yeye.

14.8 Mnunuzi atatuma ankara inayoonesha idadi ya siku, kiwango na hesabu. Muuzaji atalipa ndani ya siku 30, au Mnunuzi atakata kiasi hicho kwenye malipo ya mwisho. Sehemu yenye mgogoro haitakatwa mpaka iamuliwe kwa utaratibu wa Kifungu cha 22.

14.9 Fidia hii ndiyo haki pekee ya Mnunuzi ya kulipwa fedha kwa sababu ya kuchelewa, na Mnunuzi hahitaji kuthibitisha hasara halisi ili kuidai. Haihusu ubora wa Mtambo, wala haimkingi Muuzaji aliyefanya udanganyifu au aliyeitelekeza kazi kwa makusudi.

14.10 Kikomo cha 14.6 kikifikiwa, Mnunuzi anaweza kuvunja Mkataba kwa taarifa ya siku 10, isipokuwa Mtambo ukabidhiwe ndani ya siku hizo. Fidia iliyokwisha kulimbikizwa mpaka siku ya kuvunjwa inabaki kudaiwa, iwe Mtambo ulifika au haukufika. Baada ya siku hiyo haiongezeki, na hasara ya kuvunjika kwa Mkataba itadaiwa kwa kanuni za kawaida bila kulipwa mara mbili kwa hasara ileile.

14.11 Katika mazungumzo ya tarehe 4 na 11 Mei 2026, Muuzaji alipendekeza asilimia 0.10 kwa siku na Mnunuzi asilimia 0.40. Viwango vya 14.4 vilifikiwa baada ya Muuzaji kukagua karatasi za hesabu za Mnunuzi, kuzihoji, na kupunguziwa kodi ya ghala iliyokuwa imehesabiwa mara mbili. Kila upande ulikuwa na wakili wake. Karatasi hizo zimeambatishwa kama Jedwali B, na zinasomwa kama zilivyokuwa siku ya kutia saini, hata kama hasara iliyotokea baadaye itakuwa kubwa au ndogo kuliko makadirio.

14.12 Kusudi la Kifungu hiki ni kufidia, si kumwadhibu Muuzaji wala kumtisha. Endapo mahakama au msuluhishi ataona kiwango chochote hakiwezi kutekelezwa, viwango vingine vitabaki na nguvu, na kwa kipindi kilichoathirika Mnunuzi atastahili fidia ya hasara halisi atakayoithibitisha, isiyozidi kiasi ambacho kiwango hicho kingeleta. Pale sheria inapoipa mahakama mamlaka ya kutoa fidia ya kadiri ndani ya kiasi kilichotajwa, Jedwali B litatumika kama ushahidi wa kadiri hiyo.