Ridhaa ya Mzazi: Safari ya Watoto wa Madrasa, Shela na Takwa

Bismillahir Rahmanir Rahim

Mzazi wetu, Assalaam alaykum.

Tunaomba ruhusa ya kumchukua mwanao kuanzia Jumamosi tarehe 12 Desemba, baada ya Alfajiri, hadi Jumapili tarehe 13, baada ya Alasiri. Watoto ni 24, wa miaka 9 hadi 13. Walimu ni sita, watatu wa kike. Mchango ni shilingi 500. Asiye nazo atunong'oneze tu, mtoto habaki nyumbani kwa sababu hiyo.

Bahari: Takwa haiingiliki maji yakipwa, kwa hiyo tutaondoka gatini maji yakiwa yamejaa na kutoka katika mkono wa bahari wa Takwa kabla maji hayajakauka. Ni mashua mbili za mashine, watoto 12 kila moja, na kila mtoto atavaa jaketi la kuokolea tangu gatini. Nahodha akisema kaskazi imezidi, Takwa tutaiacha na tutakwenda Shela kwa miguu. Kuogelea hakuna, hata kwa mtoto anayejua.

Ziyara: Takwa tutasimama penye kaburi la mnara lenye mwaka 1094 Hijria, ambapo watu wa Shela huenda kuomba mvua, tusome Fatiha na dua. Tunajua wako wazazi wasioridhia ziyara ya makaburi. Ukiwa mmoja wao, tuambie. Mwanao atabaki Shela na mwalimu, wala hatasemwa.

Usiku: Shela wasichana watalala ghorofani na walimu wa kike, wavulana chini. Mwalimu hatakaa faragha na mtoto mmoja. Mtoto akitaka kurudi nyumbani, tutakupigia saa hiyo hiyo. Akiona jambo lisilomridhisha, ana haki ya kukuambia wewe, au kupiga 116 bila malipo.

Afya: Pumu, kifafa, mzio na dawa anazotumia, tuandikie. Usione haya kwa kikojozi. Mwalimu mmoja tu atajua.

TAMKO LA MZAZI

Nimesoma, au nimesomewa, yote yaliyo hapo juu. Nimemuuliza mwanangu, naye anataka kwenda. Namruhusu alale Shela usiku mmoja. Akiugua, walimu wampeleke Hospitali ya King Fahd na kunipigia simu. Nisipopatikana, matibabu ya dharura yasingoje. Nafahamu kuwa saini yangu haiwaondolei walimu dhima ya kumtunza, na kwamba naweza kuondoa ruhusa hii hata asubuhi ya safari.

Zungushia jibu lako kwa kila moja:

Apande mashua kwenda Takwa: NDIYO / HAPANA
Ashiriki ziyara ya kaburi: NDIYO / HAPANA
Apigwe picha: NDIYO / HAPANA
Picha itiwe kwenye kundi la wazazi la simu: NDIYO / HAPANA

Usipozungushia, tutahesabu ni HAPANA.

Nyuma ya karatasi andika jina la mtoto, maradhi na dawa zake, namba mbili za simu, na jina la mtu atakayempokea gatini Jumapili, hatutamkabidhi mwingine. Tia saini au dole gumba, urudishe kwa mwalimu kabla ya Alhamisi tarehe 10 Desemba.