Maoni ya Msimamizi Msaidizi kuhusu Sura ya Tatu na ya Nne ya Rasimu ya Tasnifu

Moshi

Mpendwa Neema,

Chini ya sura yako ya nne msimamizi mkuu ameandika sentensi moja: "Hii ni taarifa, si uchambuzi, rudia yote." Baada ya kuisoma rasimu mimi mwenyewe na kuzungumza naye, tumekubaliana kwamba maoni haya yachukue nafasi ya sentensi hiyo. Hoja yake ya msingi inabaki palepale, lakini neno "yote" tumeliondoa, kwa sababu kinachohitaji kuandikwa upya ni kurasa za 48 hadi 57, pamoja na aya tatu za sura ya tatu nitakazozitaja.

Nianze na pale ambapo tatizo linaonekana waziwazi. Katika Jedwali 4.5 unaonyesha kwamba kati ya wakulima 93 uliowahoji Kibosho na Uru, 58 waliuza walau sehemu ya kahawa yao nje ya AMCOS, yaani chama chao cha msingi cha ushirika, msimu uliopita. Aya inayofuata inazitaja namba hizohizo kwa maneno, kisha unahitimisha kwamba "wanachama wamepoteza imani na ushirika". Msomaji anayetoka kwenye jedwali na kufika kwenye hitimisho hilo haoni njia uliyopitia, kwa kuwa jedwali linaeleza walichofanya wakulima, wala halielezi wanavyouona ushirika wao. Hicho ndicho msimamizi mkuu alichokiita taarifa bila uchambuzi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba uchambuzi unaokosekana umo ndani ya data zako, tena una uzito kuliko hitimisho uliloandika. Nimechukua Jedwali 4.2, linaloonyesha nani ana kipato kingine mbali na kahawa, nikalilinganisha na Jedwali 4.5 kwa kutumia kiambatisho chako. Kati ya wakulima 35 ambao hawakuuza nje, 24 wana mshahara, duka, ng'ombe wa maziwa au chanzo kingine cha fedha, yaani takriban asilimia 69. Kati ya wale 58 waliouza nje, wenye kipato kingine ni 15 tu, takriban asilimia 26. Tofauti hiyo ni kubwa, na inaendana na yale aliyokueleza mjane katika mahojiano namba 7: kwamba hana ugomvi na chama chake, ila hawezi kungoja malipo ya pili ya chama, yanayokuja baadaye, wakati mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango. Mahojiano yale ni kazi nzuri kwelikweli. Umemwacha azungumze, ukauliza swali la nyongeza mahali panapostahili, wala hukumwekea maneno mdomoni. Inasikitisha kuyaona yamefichwa kwenye ukurasa wa 55 kama pambo.

Kwa hiyo ninapendekeza aya ya ukurasa wa 50 iandikwe kwa mwelekeo huu: "Wakulima wasio na kipato kingine waliuza nje ya AMCOS kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wenzao wenye kipato hicho. Matokeo haya yanaashiria kwamba uamuzi wa kuuza nje unahusiana na haja ya fedha kabla ya malipo ya pili, ingawa hayathibitishi kwamba haja hiyo ndiyo sababu pekee." Usiinakili kama ilivyo, iandike kwa sauti yako. Ninachotaka ukizingatie ni kwamba nimetumia "unahusiana" mahali ambapo wewe umezoea kuandika "imesababisha". Uliwahoji watu mara moja tu, katika msimu mmoja, na utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano bila kuthibitisha kisababishi. Neno "imesababisha" nimelizungushia duara kila lilipojitokeza kwenye rasimu. Fanya pia jaribio la kai-skwea kwa majedwali hayo mawili yaliyounganishwa. Idadi tarajiwa katika visanduku vyote vinne inatosha, hivyo hakuna kizuizi.

Sasa sura ya tatu, ambako kuna kosa moja la hesabu na jambo moja zito zaidi ya hesabu. Unasema ulitumia fomula ya Yamane kwa wanachama 1,240 na kiwango cha kosa cha 0.05, ukapata wahojiwa 93. Fomula ni hii:

```
n = N / (1 + N × e²)
```

Ukiweka 0.05 utapata 302. Namba 93 inatokana na 0.1, na inaelekea ndiyo uliyoitumia ulipokuwa unakokotoa. Kiwango cha 0.1 si aibu kwa utafiti wa mwanafunzi mmoja anayejilipia nauli. Kiandike hivyo na ueleze sababu, maana mtahini wa nje atapiga hesabu hiyo kwa dakika moja na, akikuta haiendani, ataanza kuzitilia shaka hata namba zilizo sahihi.

Jambo zito ni jinsi wahojiwa walivyopatikana. Ukurasa wa 34 unasema wenyeviti wa AMCOS "walisaidia kuwatambua wakulima". Kuuza kahawa nje ya chama si jambo ambalo mwanachama atalitamka kirahisi mbele ya mtu aliyeletwa na mwenyekiti wake, na mwenyekiti naye ana kila sababu ya kukupeleka kwa wanachama wake watiifu. Fomula yoyote ya ukubwa wa sampuli haitibu kasoro hiyo. Hata hivyo, angalia upande wa pili: licha ya kuchaguliwa kwa namna hiyo, 58 kati ya 93 walikiri. Yawezekana idadi halisi ni kubwa zaidi, na unaweza kulisema hilo kwa tahadhari. Hatukuombi urudie ukusanyaji wote wa data. Omba rejista ya wanachama, chagua kwa bahati nasibu watu 12 ambao hukuwahoji, uwahoji bila kuongozana na kiongozi yeyote, kisha ueleze kama majibu yao yanafanana na ya awali au yanatofautiana. Kubali pia, katika sehemu ya mipaka ya utafiti, kwamba matokeo hayawezi kupanuliwa kuwahusu wakulima wote wa Kilimanjaro.

Kuna dogo la historia. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, iliundwa mwaka 1933. Mwaka 1925 uliouandika ni wa chama kilichoitangulia, KNPA. Ukiwa hapohapo, ongeza sentensi kuhusu kuvunjwa kwa vyama vya ushirika mwaka 1976 na sheria ya mwaka 1982 iliyovirejesha. Baadhi ya wazee uliowahoji wanayakumbuka mambo hayo, na kama bado unataka kuzungumzia imani, basi pa kuanzia ni hapo na katika majibu yao, si katika Jedwali 4.5.

Sura ya pili usiiguse kwa sasa. Marejeo yamepangwa vizuri, na lugha yake ndiyo ningependa kuiona katika sura ya nne. Anza na ukurasa wa 50, kwa sababu aya hiyo ikikaa sawa utajua ni majedwali gani yanabaki na yapi yahamie kwenye viambatisho. Niletee aya hiyo peke yake Alhamisi ijayo saa nne asubuhi, hata kama haijakamilika, pamoja na daftari la mahojiano na orodha ya majina uliyopewa na wenyeviti, ili tuangalie kwa pamoja nani hakufikiwa.

Msimamizi wako msaidizi