Hotuba ya Baba wa Bibi Harusi

Asante, mshereheshaji. Wakwe zetu, ndugu, jamaa na marafiki, habari za jioni.

Kwanza niwatoe wasiwasi. Hotuba hii Mama Pendo aliipitia jana usiku, na kurasa mbili akazichana mbele ya macho yangu. Mtakachosikia ni mabaki.

Pendo alipokuwa darasa la tatu alianzisha daftari. Halikuwa la hesabu wala la insha. Lilikuwa na jalada la bluu, na juu yake kaandika kwa kalamu nyekundu: AHADI ZA BABA. Neno lolote lililonitoka liliingia humo pamoja na tarehe. "Baba amesema Jumamosi atanifundisha baiskeli." "Baba amesema hatakoroma tena." Basi Jumamosi ikifika, mzee nimejinyoosha na gazeti langu, namwona huyo anakuja, daftari kwapani, kama mkaguzi wa hesabu za serikali. Hasemi kitu. Anafungua ukurasa, anaweka kidole kwenye mstari, anasubiri.

Baiskeli nilimfundisha. Kukoroma, mama yake ni shahidi, deni lipo palepale.

Nilidhani ni utundu wa kitoto, utapita. Kisha mama yake akaugua, akalazwa. Pendo ndiyo kwanza ameanza sekondari. Usiku mmoja nimefika wodini nimechoka hoi, nikamkuta kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, daftari magotini. Ameandika saa ya kila dawa, jina la muuguzi wa zamu, na maswali ya kumuuliza daktari asubuhi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kaandika: "Nimemwahidi mama sitalia." Na kweli hakulia. Mimi ndiye niliyetoka nje nikaenda kulia kwa niaba yake.

Mama Pendo yule pale, mzima wa afya, na ananionyesha saa. Naharakisha.

Yusufu, mkwe wangu. Siku ya kwanza unakuja nyumbani nilikuwa nimejiandaa vizuri sana. Sauti nzito nilikuwa nimeifanyia mazoezi. Maswali nilikuwa nimeyapanga, jepesi hadi gumu. Nikafungua mlango, nikamkuta kijana kavaa shati lililopigwa pasi mpaka linatisha, akanitazama usoni, akasema: "Shikamoo, mama."

Wazee wenzangu, ningefanya nini? Niliitikia marahaba. Maswali yote yakayeyuka.

Lakini siku ile, kabla hajaondoka, aliliona bomba letu la jikoni linavuja. Akasema, "Mzee, nitakuja Jumapili nilitazame." Nikajisemea, haya, vijana husema mengi. Jumapili ikanyesha mvua ya kutotoka mtu nje. Saa nne kamili mlango ukagongwa. Kalowa chapachapa, spana mkononi. Pendo hakusema neno, alinitazama tu, na mtazamo ule mimi naujua tangu enzi za baiskeli. Nikajua mambo yamekwisha, nianze kutafuta suti.

Bomba bado linavuja kidogo, niseme ukweli. Ila alikuja.

Sasa, Yusufu, leo umetamka ahadi nzito mbele ya umati huu wote. Nikutonye kama mtu aliyekutangulia kwenye daftari: zimeshaandikwa. Ukimpigia simu ukamwambia "niko njiani," basi hakikisha umeshavaa viatu.

Na wewe, Pendo, mdai taratibu. Hata mimi ulinipa muda.

Mwanangu, nyumbani kwetu mwenye neno la kuaminika ni wewe. Mimi mwenyewe nikitaka mama yako anisadiki, huwa namwambia, "Kamuulize Pendo." Baba gani hangetembea kifua mbele na mtoto wa namna hiyo? Najivunia wewe leo ulivyopendeza hivi, lakini zaidi najivunia yule wa kwenye kiti cha plastiki. Yusufu, huyo ndiye unayemchukua. Mtunze. Naye atakutunza, hilo sina shaka nalo.

Wakwe zetu, asanteni kwa kumlea kijana anayekuja kwenye mvua. Mlango wetu ni wenu, msingoje kualikwa.

Naomba sasa tusimame sote, kila mmoja na kinywaji chake, awe na soda au maji. Pendo na Yusufu, mpendane, mvumiliane, mcheke sana, na Mungu awajalie mzeeke pamoja. Hongereni, wanangu!