Ile namba ya kwenye meseji ni yako peke yako: maongezi kwenye kikao cha kikoba

Kikoba hoyee! Haya kaeni kaeni, mama mwenyekiti kanipa dakika chache kabla hatujaanza kununua hisa, na nyie wa nyuma hiyo stori ya vitenge iwekeni kiporo kidogo.

Naongelea zile namba za tarakimu sita zinazoingia kwenye simu kwa meseji, wengine mnaziita OTP. Desemba hii tunavunja, kila mtu atakuwa na chochote kwenye akaunti, na matapeli nao kalenda wanayo.

Sasa simu yenyewe inakujaje. Anapiga kijana, sauti ya ofisini kabisa, "Shikamoo mama," anakutaja majina yako yote matatu, wewe hapohapo unalegea unasema huyu wa benki kweli. Jamani jina lako sio siri! Mtu akijifanya anakutumia hela kwa simu, kabla hajamalizia, jina linamtokea, mimi pale kibandani nafanya uwakala nayaona majina ya watu kutwa nzima. Na hata kioo kikiandika "Huduma kwa Wateja" bado sio ushahidi, mtu anaweza kujipa jina lolote kwenye zile apu za kutambua wapigaji.

Basi anaendelea, "mama tunahakiki akaunti, usipohakiki leo inafungwa, kuna meseji inaingia sasa hivi nisomee hizo namba, usikate simu tafadhali." Na kweli meseji inaingia, na imetoka benki kweli. Hapo ndo watu wanapoanguka, maana meseji ni halali ila aliyepiga ndo feki. Muda huohuo yeye kashika simu yake, kaingiza namba yako kwenye apu ya benki anataka aingie kama wewe, sasa benki inataka uhakika kwamba ni wewe mwenyewe ndo ikakutumia hizo tarakimu. Haya niambieni, benki ndo imezitengeneza, inazo. Wewe umetumiwa, unazo. Nani hana?

Eeh, mwizi! Ndo maana anaomba. Mfanyakazi wa benki hana shida na hiyo namba hata siku moja, na meseji yenyewe ukiisoma mpaka chini mara nyingi imeandikwa usimpe mtu yeyote, ila nani anasoma mpaka chini wakati kuna mtu anamharakisha sikioni.

Na mimi naona kinachotuponza sana akina mama ni adabu. Mtu kakuamkia vizuri, anakuita mama, unaona aibu kumkatia simu, unabaki unajibu ndiyo mwanangu ndiyo mwanangu huku unatafuta miwani. Kata. Katikati ya sentensi, kata. Kama una wasiwasi na akaunti, geuza kadi yako nyuma kuna namba ya benki, piga wewe, au panda bodaboda nenda tawini. Akisema ni wa mtandao wa simu, hao wanapiga kwa 100 tu, akija na namba ya kawaida huyo sio wao.

Kuna na hii ya wasap, hii inatuhusu kama kikundi. Wanaomba tarakimu sita vilevile, mara utasikia umeunganishwa kwenye semina ya wajasiriamali, ukizitaja tu wasap yako inahamia kwao. Halafu wanaingia kwenye grupu letu kwa jina lako na picha yako, "jamani nimepata dharura, nirushieni laki mbili jioni narudisha." Fikirieni ikiwa ni wasap ya mweka hazina! Na akisema marejesho ya wiki hii tumeni kwenye namba hii mpya, si tutatuma wote?

Kama umeshataja, usikae kimya kwa kuogopa baba watoto atasema nini. Piga benki palepale wafunge huduma, ubadilishe namba ya siri, halafu nenda polisi wakupe RB. Namba ya tapeli unairipoti TCRA, unatuma neno UTAPELI kwenda 15040, wakikujibu unawaandikia hiyo namba, ni bure.

Nini bibi? Ah, mjukuu. Kama ni yeye anakusaidia kuweka apu, awe amekaa pembeni yako na simu iko mkononi mwako, akipiga kutoka mjini anaiulizia usitaje, hata sauti ikifanana.

La mwisho naomba liingie kwenye katiba yetu leoleo. Hakuna kutuma hela ya kikundi kwenye namba mpya mpaka mweka hazina na katibu wote wawili wamepigiwa kwa namba zao za siku zote na wametamka wenyewe kwa mdomo, au tumeambiana hapa kikaoni uso kwa uso. Katibu andika. Wanaokubali mikono juu.