Maneno ya wakala: onyesho la taa ya sola vijijini, Kongwa

(Uani kwa mwenyekiti wa kitongoji, giza likishaanza kuingia. Usianze mapema; jua likiwa bado halijazama taa haina cha kuonyesha. Mezani weka taa yenye chaji kamili, paneli na waya wake, kibatari, sahani nyeupe ya bati, na ungo wenye maharage ambayo hayajachambuliwa.)

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu. Sitawachosha, najua mmetoka shambani. Mama uliyekaa karibu na mlango, naomba unisaidie. Shika ungo huu, chambua maharage kama ya kwako ya kesho.

(Washa kibatari. Mwache achambue kama dakika mbili. Usiongee, watu waone anavyoinamia ungo.)

Haya, mama, umetoa mawe mangapi? Matatu. Sasa tuzime hiki.

(Zima kibatari, washa taa kwenye mwanga wa kati, siyo ule mkali. Mpe ungo uleule.)

Endelea, mama. Tusiseme sisi, aseme yeye.

(Subiri. Akianza kutoa mawe mengine, mwache awaonyeshe wenzake mwenyewe.)

Maharage ni yaleyale na macho ni yaleyale. Na mtoto anayesoma daftari lililoandikwa kwa penseli, mnajua anavyolisogeza mpaka nywele ziungue.

(Washa kibatari tena, shikilia sahani juu ya moshi kidogo, kisha ipitishe mkononi kwa watu.)

Pitisheni kidole hapo. Huo ni moshi wa muda mfupi tu. Sitaongeza neno.

Sasa pesa. Mzee, kwako mafuta ya taa yanakwenda ya shilingi ngapi kwa wiki? 2,000. Na simu mnapeleka kuchaji senta? Mara tatu, 500 kila mara, hiyo ni 1,500. Jumla 3,500. Taa hii ni 38,000 taslimu. Gawanyeni wenyewe: kama wiki 11 imerudisha pesa yake. Kama nyumbani kwako mnatumia tochi ya betri na hamnunui mafuta, piga hesabu ya betri; huenda kwako ikachukua muda mrefu zaidi, na hilo nakwambia mapema.

Asiye na 38,000 leo, kuna kulipa kidogo kidogo: 12,000 ya kuanzia, halafu 2,500 kila wiki kwa wiki 12, unatuma kwa simu. Ukijumlisha inafika 42,000, yaani 4,000 zaidi. Ukichelewa kulipa, taa inajifunga mpaka ulipe. Anayesubiri kuuza alizeti afikirie hapo kabla ya kuweka sahihi.

(Inua paneli.)

Hii ndiyo shamba la taa. Iwekeni juu ya bati au nyasi, mahali ambapo kivuli cha mwembe hakifiki. Kivuli kikifunika kona moja tu, chaji inapungua sana. Mwezi wa 6 na wa 7 jua linapita upande wa kaskazini, basi iinamisheni kidogo huko. Futeni vumbi kwa kitambaa chenye maji. Na kuku! Kuku wanapenda kulala juu yake, mtajua wenyewe watakachoacha. Mvua haiidhuru paneli, lakini taa yenyewe ibaki ndani.

Kwa jua la kutwa nzima inawaka kwa muda wa saa 5 mwanga mkali, au muda wa saa 12 mwanga wa kati. Ukichaji simu, saa hizo zinapungua, maana betri ni ileile moja. Masika mawingu yakikaa siku mbili, tumieni mwanga mdogo.

(Maswali yatakayokuja. Jibu fupi.)

Je, inawasha runinga? Hapana. Wala friji, wala pasi. Anayekuuzia taa ya bei hii na kukuahidi runinga, mwambie aiwashe mbele yako.

Ikiharibika? Dhamana miaka 2, kwa risiti hii yenye namba ya taa. Unaileta kwangu siku ya mnada Kibaigwa. Ikianguka kisimani, hiyo ni yako, ndugu yangu. Na betri inachoka baada ya miaka, kama ya simu. Inabadilishwa, haitupwi chooni.

Mbona za mnadani ni 10,000? Zipo, na nyingine zinawaka vizuri wiki ya kwanza. Muulize muuzaji dhamana, halafu muulize utampata wapi mwezi ujao.

(Usimshurutishe mtu kununua leo. Mkabidhi mwenyekiti taa moja.)

Hii namwachia mwenyekiti usiku tatu. Njooni muione saa 4 usiku, siyo sasa hivi ikiwa imejaa. Nyumba mbili hapa zikakubaliane kuiazima usiku mmoja mmoja. Jumamosi nitarudi, anayetaka alete kitambulisho na namba ya simu. Asiyetaka tutasalimiana tu.

Mama, usiizime bado. Malizia kwanza ungo wako.