Sukari Sita, Chumvi Nusu: Wimbo wa Jikoni wa Akina Mama wa Pasua

Huu ndio wimbo wa kuchanganya maji ya sukari na chumvi ya kumnywesha mtoto anayehara, tunaouimba Jumamosi hapa Pasua, Moshi, kabla ya kugawana chai. Mmoja anatoa ubeti, wote tunapokea kiitikio. Tukifika kwenye sukari tunainua vidole sita. Tukifika kwenye chumvi tunakunja kidole kimoja katikati, kionekane nusu. Msiruke ubeti. Nimeupanga kama kazi inavyokwenda jikoni, kwa hiyo anayeimba kwa mpangilio amekwisha kuchanganya kwa mpangilio.

Kiitikio

Lita moja ya maji, jagini!
Sukari sita, humo ndani!
Chumvi nusu, ishuke chini!
Koroga, onja, mpe kinywani!

Mwanzo

Mama uliye na mwana,
na shangazi, na kijana,
njooni tuimbe sana
wimbo huu wa jikoni.

Mtoto akiharisha,
maji mwilini yaisha,
na chumvi inajivusha;
virudisheni mwilini.

Pakiti ukiipata,
imimine kwenye lita,
usiongezee hata
punje ya chumvi jagini.

Ubeti huo wa pakiti nauweka mbele kwa makusudi. Pakiti ya ORS ya zahanati au duka la dawa ndiyo bora: ndani yake mna chumvi za aina nyingine ambazo kabati la jikoni halina. Soma ilivyoandikwa, maana nyingi ni za lita moja lakini zipo ndogo zaidi. Wimbo unaofuata ni wa ile saa nane ya usiku, duka limefungwa na mtoto ameshakwenda choo mara tano.

Mikono na vyombo

Kwanza mikono, wenzangu,
yako wewe, nayo yangu,
kabla ya kushika chungu,
kwa sabuni iosheni.

Sufuria na kijiko,
jagi lenye mfuniko,
chupa na kikombe chako,
vyote pia sugueni.

Maji

Mfereji wa kihamba,
hata maji ya kuimba,
yaking'aa kama pamba,
uchafu u humo ndani.

Maji ya bomba, yoyote,
ya kisima, ya popote,
sharti kwanza yatokote,
yachemsheni motoni.

Yafunike yatulie,
inzi asiyaingie,
mtoto asifikie,
hadi yapoe jikoni.

Yakiisha kutokota,
joto lote likipita,
ndipo tutapima lita
moja tu, humo jagini.

Huna chombo cha kupima?
Chupa za nusu tazama,
mbili zikijaa njema,
ndiyo lita, msibuni.

Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini tusipime kabla ya kubandika. Kwa sababu mvuke unaondoka na maji. Ukibandika lita moja ukaiacha itokote, haitarudi lita moja, na chumvi uliyoipima itakuwa kali kuliko inavyotakiwa. Chemsha mengi kidogo, yapoe, kisha pima. Chupa mbili za maji za nusu lita zilizooshwa vizuri zinatosha kabisa kwa kazi hii, na hazikosekani nyumbani.

(Kiitikio)

Sukari

Sukari yetu twajua,
Arusha Chini hutoa,
mfuko ukifungua,
hesabuni kwa makini.

Sukari vijiko sita
vya chai, futa na futa,
kilima mkikikuta,
kwa kisu kiondoeni.

Moja, mbili, tatu, nne,
tano, sita, tuvione,
cha saba tusikione
kikiingia jagini.

Hapa kiongozi asimame, kila mtu ahesabu kwa sauti. Kijiko ni kile kidogo cha kukorogea chai, cha mililita 5, siyo cha kulia wali. Kiwe cha mfuto: pitisha mgongo wa kisu juu yake, kilichozidi kirudi mfukoni. Najua bibi atasema mtoto amedhoofika, mwongezee sukari apate nguvu. Nampenda bibi, lakini sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza kwenye utumbo, na kuhara kunaongezeka badala ya kupungua. Mwimbieni ubeti wa cha saba hadi aukariri.

Chumvi

Chumvi ni nusu kijiko,
kile cha chai, si mwiko,
nusu, si kwa jicho lako,
ya mfuto, ipimeni.

Sukari na sita wenzi,
majina yana mapenzi,
chumvi sita ni majonzi,
itamdhuru mwilini.

Ubeti huo wa pili ndio ulionifanya nitunge wimbo mzima. Jioni moja ya masika niliitwa nyumba ya jirani. Mtoto wa mwaka mmoja alikuwa anahara, na dada yake mkubwa, msichana mwenye akili na huruma, alikuwa amechanganya jagi vizuri sana: maji yamechemshwa, yamepoa, yamefunikwa. Nikaonja. Ulimi ulikunjamana. Alikuwa ametia chumvi vijiko sita na sukari nusu. Aliwahi kusikia namba hizo mahali, akazikumbuka zote mbili, ila zikabadilishana viti. Mtoto alikuwa bado hajapewa. Tukamwaga, tukaanza upya pamoja, nami usiku ule sikulala vizuri. Chumvi nyingi kiasi kile ingeweza kumletea degedege, hata kumuua.

Tangu hapo nafundisha hivi: sukari inaanza kwa S, sita inaanza kwa S. Zinashikana mikono. Chumvi imebaki peke yake, kwa hiyo inapata nusu.

Sukari ndiyo mchukuzi,
chumvi peke haiwezi,
ikibebwa kwa ujuzi
maji yafuata ndani.

Mchukuzi, ndiyo, kama wale wachukuzi wanaopandisha mizigo Kilimanjaro. Kwenye ukuta wa utumbo mna vijilango ambavyo sukari na chumvi huvipita pamoja, na zikishapita, maji huzifuata. Mtoto akihara vijilango hivyo bado vinafanya kazi. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na maji ya chumvi bila sukari hayafai.

(Kiitikio, mara mbili)

Kukoroga na kuonja

Koroga, koroga tena,
punje chini ukiona,
bado, rudia kwa kina,
hadi ziyeyuke ndani.

Onja kidogo, mlezi,
chumvi isizidi chozi,
ikizidi, hailezi,
imwageni, rudieni.

Chozi kila mama amelionja. Usijaribu kurekebisha kwa kuongeza maji kwa kukisia, maana hapo vipimo vyote viwili vimepotea. Mwaga.

Saa 'shirini na nne
zikipita, msione
hasara, anza mengine,
hayo ya jana mwageni.

Kumnywesha

Asiyetimu miwili,
kijiko, pole kwa hali,
kwa kila dakika mbili
kimoja kiwe kinywani.

Akenda choo cha maji,
mpe robo ya kinywaji,
nusu kama ahitaji,
kwa kikombe pimieni.

Aliyepita miwili,
kikombe chake ni mbali:
nusu au zima, kweli,
kila atoke chooni.

Kikombe ninachosema ni kile kikubwa cha mililita 200. Kwa mdogo asiyetimiza miaka miwili ni mililita 50 hadi 100 kila anapohara, kwa mkubwa 100 hadi 200, na mtu mzima anywe kadiri anavyotaka. Msitumie chupa ya chuchu, inashika uchafu. Kijiko na kikombe vinatosha. Kwa mchanga aliye chini ya miezi sita, nyonyesha mara nyingi zaidi na umpeleke kituoni mapema, usikae naye kwa wimbo peke yake.

Akitapika, tulia,
dakika kumi ngojea,
kisha anza, ukitia
tone tone mdomoni.

Huu ubeti imbeni polepole, kwa sababu hapa ndipo akina mama wengi hukata tamaa. Wanasema, "Dada, yote yametoka." Hayatoki yote. Kilichotangulia kimeshapata nafasi ya kupita.

Usimkatize ziwa
mchanga akiuguwa,
mkubwa naye hupewa
mtori, uji, mezani.

Kule kumnyima chakula ili "tumbo lipumzike" tuache. Na mkifika zahanati ulizeni vidonge vya zinki. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14, na mtoto avimalize hata kama ameshapona.

(Kiitikio)

Dalili za kukimbia

Hapa tunaacha kupiga makofi. Kiongozi ashushe sauti.

Macho yakidumbukia,
bila chozi akilia,
kinywa akikifungia,
kituoni kimbieni.

Damu kwenye choo chake,
ama homa imshike,
ngozi finyo isitoke,
msingojee nyumbani.

Finyo ni hivi: bana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, iachie. Ikirudi papo hapo, vema. Ikibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, maji yamempungua sana. Vilevile mtoto aliyelegea, anayesinzia na haamki vizuri, anayetapika kila kitu, au aliyepata degedege, usimchanganyie kwanza halafu ndipo uondoke. Ondoka naye sasa hivi. Kama anaweza kumeza na jagi liko tayari, jaza chupa, beba kijiko. Aliyezimia au asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni.

Na njiani, kwenye gari,
mnyweshe, chupa tayari,
kijiko, si kwa hiari,
hadi mlango wa ndani.

Lita moja ya maji, jagini!
Sukari sita, humo ndani!
Chumvi nusu, ishuke chini!
Koroga, onja, mpe kinywani!